Uzi: Kiwanja ni cha mdogo wangu aliye Muscat, hati ina jina langu. Nikifa leo atakipataje?

Baba Tima
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Mdogo wangu wa kike, tumbo moja, yuko Muscat huu mwaka wa 11. Pasi yake ni ya Tanzania mpaka leo. Mwaka 2019 aliniomba nimtafutie kiwanja Kibaha. Nikapata cha mita 20 kwa 30, shilingi milioni 9. Alituma pesa mara tatu: milioni 4, kisha 3, kisha 2. Siku ya kuandikishana muuzaji alikuwa na haraka na mdogo wangu hakuwa na namba ya NIDA, basi tukaandika jina langu tukisema tutarekebisha baadaye. Urasimishaji ulipopita 2022, hati ikatoka kwa jina langu. Ameshajenga msingi, na kodi ya pango la ardhi analipa yeye kupitia kwangu.

Mwezi uliopita tumemzika jirani yangu. Hata arobaini haijafika, wanawe na baba yao mdogo wameshafikishana kwa mwenyekiti wa mtaa kugombania shamba. Marehemu alikuwa akitwambia kila siku kuwa lile shamba ni la huyo mdogo wake anayeishi Ulaya, mtaa mzima tulimsikia. Lakini karatasi ina jina la marehemu. Nilirudi nyumbani nikafungua kabati, nikatoa hati ya kiwanja cha mdogo wangu, nikasoma jina langu pale juu, nikakaa kitandani.

Nina mke na mabinti wawili, mkubwa ana miaka 22. Mke wangu habari hii anaijua juu juu. Wazazi wangu wote wametangulia mbele ya haki. Mimi nina presha. Nilitaka niandike wasia kwamba kiwanja kile namwachia mdogo wangu. Je, inatosha?

Mzaramo Asilia
Pole mkuu. Mwambie akupe hati ya nguvu ya kisheria ya kumwakilisha, mgongewe muhuri kwa wakili, basi. Mimi nasimamia nyumba ya shangazi yangu Tabata kwa karatasi hiyo mwaka wa sita na sijapata shida.

Chanika Mpya
Watu wa nje mnapenda kuamini ndugu. Dada, usimtumie kaka yako pesa, nunua mwenyewe ukija likizo.

Baba Tima
Chanika, mimi ndiye kaka. Pesa ilishatumwa na kiwanja kipo. Nataka kumlinda yeye, si kumchukulia.

Chanika Mpya
Samahani mkuu, nilisoma haraka. Basi una moyo.

Karani wa Zamani
Baba Tima, nilikaa mahakama ya mwanzo kama karani kwa miaka mingi kabla sijastaafu, mafaili ya mirathi ndiyo yalikuwa kazi yangu. Nitakueleza yanavyokwenda ili uone hatari iko wapi.

Kwanza nimjibu Mzaramo. Nyumba ya shangazi yako ina jina la shangazi, wewe ni mwakilishi wake. Hiyo karatasi inakufaa. Kwa Baba Tima mambo yamegeuka: jina kwenye hati ni la kwake. Mdogo wake ampe nguvu ya kisheria ya kitu gani, wakati kwa maandishi hana kitu? Na hata angekuwa nacho, nguvu ya kisheria hufa siku mmoja wao anapokufa. Yaani inakatika siku ileile inapohitajika.

Sasa chukulia umefariki. Familia inakaa kikao, wanaandika muhtasari, wanampendekeza msimamizi wa mirathi. Anakwenda mahakamani na Fomu namba 1, muhtasari na cheti cha kifo. Tangazo linabandikwa ubaoni. Mdogo wako yuko Muscat, ubao wa mahakama haumwoni. Siku za pingamizi zinapita, msimamizi anapewa Fomu namba 4 ya kumteua. Kuanzia hapo ana miezi minne ya kuwasilisha Fomu namba 5, ambayo ni orodha ya mali na madeni ya marehemu. Msimamizi anafungua kabati lako, anakuta hati ina jina lako. Si mwizi. Ataandika anachokiona: kiwanja kimoja, Kibaha. Hapo amana imeshageuka mirathi, na kila mrithi ameshapiga hesabu yake.

Nimeona watu wakija wakati mgawanyo umeshasomwa, wengine kesi imeshafungwa. Mahakama ya mirathi ikishamaliza kazi, unabaki na kesi ya ardhi, unamdai aliyepewa, na huenda naye ameshauza.

Kwa hiyo karatasi unayoitafuta ina kazi moja tu: kumzuia msimamizi asiandike kiwanja hicho kwenye Fomu namba 5. Kila utakalofanya lipime kwa hilo.

Ustadh wa Ikwiriri
Assalaam aleikum. Mimi nizungumzie neno "wasia", maana hapo ndipo watu wengi wanapoteleza.

Ndugu yangu, ukiandika "namwachia mdogo wangu kiwanja", umesema kwa mkono wako kwamba kiwanja ni chako na wewe unampa. Wasia haupiti thuluthi ya mali yako, na mrithi hausiwi mpaka warithi wengine waridhie baada ya kufa kwako.

Mzaramo Asilia
Ustadh, dada si mrithi mtu akiwa na watoto. Kwa hiyo hapo wasia unapita.

Ustadh wa Ikwiriri
Ungekuwa sahihi kama angekuwa na mtoto wa kiume. Baba Tima ana mabinti wawili na baba yake hayupo. Mabinti wanachukua theluthi mbili, mke thumuni, yaani moja ya nane, na kinachobaki kinakwenda kwa dada wa baba mmoja mama mmoja. Huyo dada ni mrithi kamili. Kwa hiyo ukimwusia, mke na mabinti wana haki ya kukataa, na wakikataa atapata fungu lake la urithi tu kwenye kiwanja alichokinunua kwa jasho lake mwenyewe.

Njia yake ni ikrari. Unakiri, ukiwa na afya na akili zako, kwamba hiki si changu, ni amana ya fulani mikononi mwangu. Amana haiingii kwenye tirka, yaani mali ya kurithiwa, inarudishwa kwa mwenyewe kabla ya kugawa chochote. Na usingoje kuugua. Mtu akikiri mali ni ya mrithi wake naye yumo katika maradhi ya mauti, wanazuoni wamehitilafiana, wako wanaoikataa kwa kuchelea amempendelea. Ukikiri leo ukiwa unatembea, mlango huo haufunguki.

Baba Tima
Ustadh, Mungu akujaze. Nilikuwa nimeshaandika rasimu ya wasia. Nimeichana.

Bi Mwanahamisi
Mimi nina ya kwetu. Baba yangu alishika shamba la minazi la ami yangu, kule Muheza. Ami alikuwa Mombasa, akaenda Dubai, hakurudi mpaka baba amekufa. Hakukuwa na karatasi. Kilichokuwepo ni daftari la baba, lile la mistari la kava gumu, ameandika kila msimu: nazi zimeangushwa ngapi, zimeuzwa kwa nani, pesa ya ndugu yangu imekwenda kwa njia gani. Ukurasa wa kwanza aliandika "Hesabu ya shamba la ndugu yangu".

Kaka zangu wawili walitaka shamba liingie kwenye mirathi. Mama alilitoa daftari akaliweka mkekani mbele ya wazee. Hakuna aliyebisha mwandiko wa baba. Ami alipata shamba lake. Lakini nasema kweli, lilituokoa kwa sababu mama alikuwa hai na alikuwa upande wa haki. Angetangulia yeye, daftari lingefungiwa vitumbua.

Karani wa Zamani
Bi Mwanahamisi, umesema jambo kubwa. Mara nyingi haki inapotea kwa sababu aliyeishika karatasi ndiye anayefaidika isipoonekana.

Baba Tima, hili ndilo tamko ambalo ningeliandika. Wakili atalinyoosha lugha, lakini haya lazima yawemo:

"Mimi (jina, namba ya NIDA) natamka kwamba kiwanja namba ... kitalu ... Kibaha, chenye hati namba ... iliyoandikwa kwa jina langu, kilinunuliwa tarehe ... kwa fedha za ndugu yangu (jina, namba ya pasi), jumla shilingi 9,000,000, alizozituma mara tatu kama viambatisho vinavyoonyesha. Mimi sikuchangia fedha yoyote na sina haki ya umiliki katika kiwanja hicho wala katika kilichojengwa juu yake. Nakishika kwa niaba yake. Sitakiuza, sitakiweka rehani, na nitamhamishia yeye wakati wowote akinitaka. Nikifariki kabla ya kumhamishia, kiwanja hiki kisihesabiwe katika mali zangu, na msimamizi wa mirathi yangu amhamishie yeye. Akitangulia yeye, ni cha warithi wake."

Sentensi hiyo ya mwisho watu huisahau. Bila hiyo, akifa yeye kwanza, wanawe watakuja kukudai na wewe hutakuwa na maandishi ya kukuongoza.

Wewe utie sahihi, na mdogo wako atie sahihi yake pale ubalozini Muscat. Halafu mke wako na binti yako mkubwa watie sahihi chini ya maneno kwamba wamesomewa, wameelewa na hawana madai. Hao wasiwe mashahidi tu wa pembeni. Hao ndio watu ambao kesho wangeweza kupinga, na mtu hawezi kupinga kirahisi alichokitia sahihi mume akiwa hai. Mashahidi wa kawaida tafuta wawili wasiorithi chochote kwako.

Lipieni ushuru wa stempu. Mahakamani waraka usio na stempu husimamishwa mpaka ulipiwe pamoja na adhabu, na nimeona kesi ikikwama kwa hilo tu. Na msisahau zile risiti za kutuma pesa na ujumbe wa simu alipokuambia "hiyo milioni nne ni ya kiwanja". Chapisheni, muambatanishe. Risiti peke yake inaonyesha kuwa alikutumia pesa, haionyeshi ni ya nini. Mtu atasema ilikuwa ya matumizi ya mama.

Mpima wa Pwani
Nimefanya kazi ya upimaji huku Pwani muda mrefu. Karani ameeleza vizuri upande wa mirathi, ila kuna kitu kimebaki. Tamko liko kabatini, wakati hati iko kwenye daftari la Msajili wa Hati. Anayetaka kununua au benki inayotaka kukopesha haitafungua kabati lako, itafanya upekuzi kwa Msajili. Ikikuta jina lako peke yake bila kitu kingine, kwao kiwanja ni safi.

Mdogo wako, kama mwenye maslahi, aombe kuweka zuio kwenye hati hiyo, anaambatanisha kiapo na hilo tamko. Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi inaruhusu. Msajili atakujulisha wewe mwenye jina, na wewe hutapinga. Zuio likiwepo, muamala unaopingana na haki yake hausajiliwi mpaka yeye akubali au Mahakama Kuu iamuru. Ukifa, zuio lipo palepale, na msimamizi akipeleka barua yake ajiandikishe, atakutana nalo dirishani. Baada ya wiki kadhaa lipia upekuzi uone kama limeandikwa. Usiridhike na kuambiwa "tumepokea".

Mwenye zuio akipelekwa Mahakama Kuu akashindwa kuonyesha haki yake, zuio linaondolewa. Ndiyo maana tamko linakuja kwanza.

Lakini mkuu, kwa nini tunazunguka? Mdogo wako ni Mtanzania. Apate NIDA, umhamishie, mambo yaishe. Fomu namba 29, 30 na 35, mnazijaza, mnalipa, hati inatoka kwa jina lake. Halafu akupe hiyo nguvu ya kisheria aliyoisema Mzaramo, na hapo itafanya kazi sawasawa.

Baba Tima
Namba ya NIDA ameshapata alipokuja likizo mwaka jana. Kilichotutisha ni gharama. Tuliambiwa tutahesabiwa kama tunauziana.

Mpima wa Pwani
Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, na kuna kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida. Wakiangalia thamani ya leo wakatoa milioni 9 ya 2019, hiyo tofauti wanaiita faida. Nijuavyo mimi, mtalipa.

Karani wa Zamani
Hapo mimi siko pamoja na wewe. Faida ya nani? Baba Tima hapokei hata shilingi, anarudisha kitu cha mtu. Tamko lenye viambatisho vya tangu 2019 linampa hoja ya kusimama nayo pale TRA.

Mpima wa Pwani
Hoja anayo. Kuikubali ni jambo jingine. Mimi nimeona waliokubaliwa na waliokadiriwa, katika ofisi ileile. Aende na karatasi zote, pamoja na risiti za msingi, maana gharama za kuendeleza nazo hupunguza hiyo faida.

Mzaramo Asilia
Na wakiandikwa wote wawili kwenye hati? Si ndiyo njia nyepesi?

Mpima wa Pwani
Inategemea wameandikwa vipi. Umiliki wa pamoja usiogawana hisa, ule ambao mmoja akifa sehemu yake inakwenda kwa aliyebaki, Sheria ya Ardhi imewaachia mke na mume, ndugu hawauundi bila ruhusa ya mahakama. Na hata wakipewa ruhusa, Baba Tima akifa mdogo wake anabaki na chote, hapo sawa. Lakini akitangulia mdogo wake, kiwanja chote kinakuwa cha Baba Tima kwa karatasi, na watoto wa marehemu wanaanza upya. Wakiandikwa kwa hisa, hisa ya Baba Tima inaingia kwenye mirathi yake. Kwa kiwanja ambacho si chake hata robo, sioni faida.

Dullah Minnesota
Wakuu, naomba nidandie. Mimi mama yangu mdogo ameshika eneo langu Mkuranga, heka 2. Mimi nilichukua uraia wa Marekani 2016, eneo nimenunua 2018. Naweza kutumia tamko hilihili?

Karani wa Zamani
Dullah, usilinakili. Yako ni nyingine kabisa. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Ukiandika kwamba mama mdogo ameshika ardhi kwa niaba yako wewe usiye raia, umejiandikia mwenyewe ushahidi kwamba mlizunguka sheria. Tamko la Baba Tima linamlinda mdogo wake kwa sababu mdogo wake anaruhusiwa kumiliki. Lako linaweza kukuangusha.

Mpima wa Pwani
Ila mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho yanayowapa hadhi maalum watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, na Sheria ya Ardhi iliguswa humo. Dullah aanzie hapo, aipate hadhi hiyo kwanza, ndipo azungumzie jina la nani.

Dullah Minnesota
Na eneo la 2018, nililolinunua kabla ya hayo marekebisho?

Karani wa Zamani
Hilo mpelekee wakili wa ardhi, na usiandikishane chochote na mama mdogo kabla hujamwona. Kama una mtoto au ndugu wa damu ambaye ni raia na unamwamini, mtaje kwa wakili pia.

Bi Mwanahamisi
Baba Tima, nakala ziwe ngapi na zikae wapi? Mimi nimeona kabati linavyofunguliwa usiku wa msiba.

Baba Tima
Narudi na mrejesho, wiki tatu baadaye.

Tamko limeandikwa, wakili ameligonga muhuri, stempu imelipiwa. Tumetoa nakala halisi nne: moja ameshika mdogo wangu Muscat, moja iko kwa wakili, moja kwa imamu wetu, moja ninayo. Hati yenyewe nimeitoa nyumbani, ataichukua mdogo wangu mwenyewe akija Desemba. Nimeona ni bora akae nayo mwenye mali.

Sehemu iliyonipa kazi ilikuwa mke wangu. Nilimsomea neno kwa neno, tumekaa ukumbini na binti yetu. Nilipofika kwenye milioni tisa akaniuliza kwa nini miaka yote hii sikumwambia, yeye alidhani ni kiwanja chetu, na moyoni alishawapangia watoto. Nilinyamaza, maana nilikuwa na kosa. Hakutia sahihi siku ile. Baada ya siku mbili alimpigia wifi yake simu mwenyewe, wakazungumza karibu saa nzima mlango umefungwa. Alipotoka akaomba kalamu. Binti yangu alisoma tena yote kutoka mwanzo, ndipo akatia yake.

Maombi ya zuio tumepeleka ofisi ya ardhi ya mkoa, na kiapo cha mdogo wangu kilichothibitishwa ubalozini. Jana nimelipia upekuzi: zuio bado halionekani. Nimeambiwa faili liko mezani linasubiri sahihi. Mpima, nisubiri muda gani kabla ya kurudi dirishani?

Mpima wa Pwani
Usisubiri. Rudi Jumatatu na nakala ya barua ya maombi yenye muhuri wa kupokelewa, uliza faili liko kwa nani kwa cheo chake, uandike tarehe nyuma ya nakala hiyo. Likishaingia, lipia upekuzi mwingine, na huo umtumie mdogo wako.